Namba Kumi na Tisa

3 Februari

Kisigino mwanangu,

Sisi hatujambo, na kama nawe hujambo ungetuandikia tujue. Natumia barua kwa sababu kwenye simu mtandao wako una tabia ya kupotea kila ninapofika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haikatiki. Jirani Redio anakusalimu, anasema siku ukioa aambiwe yeye kwanza ili habari isiharibiwe na watu wasiojua kutangaza. Paa la jikoni limeacha kuvuja, nadhani limechoka. Mimi mgongo unanisumbua tangu nilipostaafu upishi wa shule, kana kwamba umeyakosa masufuria.

Sasa Baba Mkubwa wako. Unajua walimkata mguu wa kulia chini ya goti mwezi wa Novemba, kwa sababu ya sukari na kile kidonda cha kidoleni alichokuwa akikiita mkwaruzo. Kinyozi wa miaka thelathini, leo ananyoa amekaa kwenye kigoda, na vichwa anavyovifikia ni vya watoto tu. Watu wazima wakiingia wanamkuta amekaa, wanasalimia, halafu wanakumbuka kwamba wana haraka. Anarudi nyumbani na utani wake wote, haujatumika hata mmoja. Mtoto wa miaka sita utamtania nini?

Jumatatu muuguzi wa hapa alikipima kigutu, akasema uvimbe umekwisha, yuko tayari kwa mguu wa bandia. Akapiga simu karakana ya hospitali ya huko kwenu wakamwandika. Ni namba kumi na tisa. Nikauliza orodha anaishika nani. Akakutaja wewe bila kujua anamtajia nani, nami nikacheka peke yangu njia nzima.

Mwanangu, mimi sikukulea ili unilipe. Nakukumbusha tu kwamba nilikulea. Namba tatu ingetufaa. Hata namba tano hatutaikataa.

Mama Mkubwa wako

21 Februari

Shikamoo Mama Mkubwa, na shikamoo yake Baba Mkubwa umfikishie nzima bila kupunguza.

Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, hiki kina dirisha. Nimejifunza kupika wali usioshikana, usicheke. Mvua huku imenyesha siku nne mfululizo, karakana ikanuka plasta mbichi hadi wagonjwa wakalalamika. Viatu bado navila upande wa kisigino kama zamani, kwa hiyo lile jina bado ni langu. Mwambie Jirani Redio sijaoa.

Najua umeruka mistari yote hiyo ukitafuta jibu. Jibu ni hapana, Mama Mkubwa, na kuliandika limenichukua siku kumi.

Nikueleze tunavyofanya kazi. Tuko mafundi wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Plasta kwa sababu anayo mpaka kwenye nyusi. Mtu anaandikwa siku muuguzi anapothibitisha kwamba kigutu kimetulia, yaani kimepimwa wiki mbili mfululizo na kipimo hakijabadilika. Zamu yake ikifika tunakizungushia plasta, tunapata umbo lake, tunapasha plastiki kwenye tanuri na kutengeneza juu ya umbo hilo kikombe cha kigutu kukaa. Halafu tunafunga unyayo, mgonjwa anajaribu, tunarekebisha, anajaribu tena. Tanuri ni moja. Kwa mwezi tunatoa miguu minne, tukijitahidi mitano. Anayevushwa mbele ni mtoto anayekua, au mtu ambaye goti lake limeanza kukaza, kwa kuwa huyo akicheleweshwa hatanyooka tena. Wengine wote ni kwa tarehe. Baba Mkubwa atafikiwa kama mwezi wa Juni.

Utaniuliza kwa nini nisiutengeneze Jumamosi, siku yangu. Plastiki na nyayo zinakuja zimehesabiwa kwa watu walioandikwa. Jumamosi ni yangu, unyayo si wangu.

Lakini mbao naweza kununua. Nimemtengenezea kigoda kirefu cha kuegemea, kina mahali pa kuweka goti na magurudumu mawili yanayofungwa. Aseme kama kinafikia vichwa vya watu wazima. Kinakuja na basi la Alhamisi. Na tafadhali, asiweke mto chini ya goti anapolala, hata kama anaona raha. Goti litajizoesha kukunja. Alale kifudifudi nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, mguu umenyooka.

Kisigino

10 Machi

Kisigino,

Barua yako nimeisoma kwa miwani na bila miwani, imebaki ileile.

Kigoda kimefika. Siku ya kwanza kilimkimbia na magurudumu yake mpaka mlangoni, yeye juu yake na mashine mkononi, mteja ameachwa na nusu ya kichwa. Sasa wamezoeana. Ananyoa watu wazima wafupi, na warefu kama watakubali kuinama. Kifudifudi analala, anasema ndiyo mara ya kwanza ameuona uvungu wa kabati na kwamba mimi sifagii.

Hizo ni habari. Sasa nikuulize, na ujibu kama mtu mzima. Hao kumi na wanane walio mbele yake, ni yupi kati yao alikubeba mgongoni ulipougua surua? Ni yupi alikaa na wewe ulipokataa kula wiki nzima baada ya mama yako kutuacha? Mdogo wangu aliniachia mtu mmoja tu duniani, ambaye ni wewe. Na usiniambie hao wengine wanangoja kwa haki. Kila mmoja wao angekuwa na mwanawe hapo ulipo, angemwandikia barua kama yangu, tena bila salamu.

Hutaki kwa sababu huwezi, au hutaki kwa sababu hutaki?

Mama Mkubwa wako

29 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa.

Hakuna aliyenibeba. Wewe peke yako. Nimelijibu hilo kwanza kwa sababu ni kweli, na nina wajibu kwako ambao sina kwa yeyote kwenye orodha ile. Ukitaka likizo yangu, mbao zangu, mgongo wangu, niite tu. Orodha nimeshikishwa. Nikikupa nafasi ya mbele, anayekupa si mimi, ni namba tatu, na hakuna aliyemuuliza.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja kupimwa. Ni namba ishirini, nyuma ya Baba Mkubwa kwa siku moja tu. Anafundisha amekaa, kwa hiyo anaandika nusu ya chini ya ubao. Anasema watoto wake wameanza kuamini kwamba nusu ya juu ni ya pambo. Nilicheka, halafu nikafikiria vichwa vya watoto na kigoda. Naye bila shaka ana Mama Mkubwa wake mahali fulani. Ila huyo hana anwani yangu.

Isitoshe, aliyenifundisha haya ni wewe. Umesahau foleni ya chakula pale shuleni? Ulikuwa na upawa wa bati wenye mpini uliopinda. Darasa zima linaangalia kama mtoto wa mpishi atapewa zaidi. Nikawa napata upawa mmoja kama wenzangu, wala hunitazami usoni. Nilikuchukia foleni nzima. Jioni nyumbani ulikuwa unanimegea kwenye sahani yako mwenyewe, ukisema umeshiba kwa harufu za mchana. Sufuria ilikuwa ya shule, sahani ilikuwa yako. Nami nafanya hivyohivyo, tena nimechelewa kujifunza.

Kisigino

18 Aprili

Kisigino mwanangu,

Umenishika pabaya. Nimekasirika siku mbili, siku ya tatu nimemsomea Baba Mkubwa wako ule mstari wa sahani. Akasema, "Mwache kijana afanye kazi yake. Mimi nimengoja wateja miaka thelathini, kungoja nakujua." Kwa hiyo nimekuacha. Jirani Redio nimemwambia kwamba mwanangu hapindishwi, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Muuza genge ameniuliza kama utagombea cheo.

Ila kwa kuwa tunaambiana ukweli, nami nikuambie wangu. Upawa ulikuwa mmoja, hilo ni kweli. Lakini wewe nilikuwa nakuchotea chini kabisa, maharage yanakokaa. Wenzako walipata mchuzi mwingi. Sikukutazama usoni kwa sababu ningecheka.

Nimetubu. Kidogo.

Ameshika kalenda, Juni ameizungushia duara. Anasema akisimama, kichwa cha kwanza atakachonyoa kitakuwa cha mtu mrefu kuliko wote mtaani.

Mama Mkubwa wako

30 Juni

Shikamoo Mama Mkubwa.

Natumaini hamjambo nyote. Huku jua ni kali. Plasta amepata mtoto wa kike, tunamtania kwamba sasa atakuwa mweupe kwa poda nyumbani pia. Nimenunua feni. Nimejaribu tena kupika maharage yale, bado hayafanani na yako, sasa najua kwa nini. Salimia jirani.

Kuhusu Baba Mkubwa, kazi zimeingiliana kidogo. Avute subira, labda mwezi wa Julai. Aendelee na mazoezi.

Nina haraka kidogo, nisamehe.

Kisigino

24 Julai

Kisigino,

Barua yako ilikuwa na salamu nyingi kuliko habari. Nakufahamu tangu ulipokuwa ukificha daftari lenye sifuri chini ya godoro. Siku hizo pia ulikuwa unaniuliza sana habari za jirani.

Huku duara la Juni limekatwa kwa wino, ameweka jingine Julai, nalo linakaribia kufa. Kifudifudi halali tena. Anasema amelala kifudifudi miezi mitano na hakuna aliyemwita. Mto nimeukuta chini ya goti mara mbili, mara ya pili amelala juu yake kuuficha, mtu mzima. Muuguzi amepima juzi, goti halinyooki lote. Amesema ameandika barua kwenu mara moja, nami nimemwona akiibandika stempu.

Sikuombi namba tatu. Nauliza tu, kumi na tisa inakuja baada ya ngapi huko kwenu?

Mama Mkubwa wako

27 Agosti

Mwanangu,

Tumerudi jana kutoka huko. Hukuwapo. Plasta alisema umekwenda kuchukua vifaa, akasema akiangalia viatu vyake, na wewe umemfundisha vibaya kwa sababu hajui kudanganya. Ametufanyia kazi nzuri, ametuliza kigutu, ameviringisha plasta kwa upole, amemwambia Baba Mkubwa wako mguu utakuwa tayari wiki ya pili ya Septemba.

Kwenye benchi alikuwapo mwalimu mmoja, amekuja kubadilishiwa mkanda. Amesimama wima. Yeye na Baba Mkubwa wako wakazoeana kabla sijamaliza kufungua kikapu. Akatueleza habari za ubao. Baba Mkubwa wako akasema, "Basi wewe ni namba ishirini, kijana wetu alituandikia." Mwalimu akasema ndiyo. Akauliza, "Na wewe mzee?" Akaambiwa kumi na tisa. Mwalimu akautazama mguu wake mpya. Halafu akasema, "Mimi nimevaa tangu Juni. Na ishirini na moja na ishirini na mbili wamevaa pia, nawajua. Mzee, samahani, mimi sikujua." Alitaka kwenda kulalamika kwa niaba yetu. Mtu tusiyemjua, Kisigino. Nilimzuia mimi, kwa sababu nilishaelewa.

Nilipokuomba utusogeze mbele, nilikosea, na ulinikatalia vizuri. Nilikusifu mtaani. Sikujua kwamba ukikataa kutusogeza mbele utaturudisha nyuma. Kwa miezi miwili nimemwona mume wangu anazungushia kalenda duara, goti linakaza, nami namwambia avute subira kwa sababu mwanangu ni mwadilifu.

Nimeumia. Naliandika hivyo bila utani ili usiliruke.

Upawa mmoja kama wenzako, ndivyo nilivyokupa. Zaidi nilikupa, sawa, nimekiri. Lakini nusu upawa sikuwahi kukupa, ili wenzako waone nisivyopendelea.

Mama Mkubwa wako

9 Septemba

Shikamoo Mama Mkubwa.

Sina salamu ndefu leo.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Nilikisikia kikohozi cha Baba Mkubwa nikashindwa kutoka.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa Juni nilifungua orodha, kumi na nane wamekwisha. Jalada lililofuata lilikuwa la Baba Mkubwa. Niliona jina la ukoo mlilonipa limeandikwa juu yake, nikafikiria Plasta atasema nini, msimamizi atasema nini, wale waliokuwa kwenye benchi watasema nini nikiita jina linalofanana na langu. Nikaweka jalada chini ya yale matatu yaliyofuata. Nikajiambia ni wiki tatu tu, na kwamba mtu mwenye haki huwabana wa kwake kwanza. Nilijisikia msafi kabisa. Julai tanuri likaharibika mwezi mzima, zile wiki tatu zikawa karibu miezi mitatu. Barua ya muuguzi kuhusu goti ilipofika niliisoma mimi. Angekuwa mgonjwa mwingine ningemvusha mbele siku ileile. Niliogopa kwamba nitaonekana natafuta sababu, nikaiweka kando mpaka Plasta alipoikuta mwezi wa Agosti, akawaita.

Nilidhani namtendea mwalimu haki. Mwalimu hakuwa ameniomba kitu. Nilichokuwa nakilinda ni jina langu, na nilimtumia Baba Mkubwa kulilinda. Kwenye orodha alikuwa mgonjwa kama wengine, nami ndiye mtu pekee niliyekataa kumwona hivyo.

Nilipaswa kufanya jambo rahisi ambalo sikulifikiria. Siku ile ya Februari, kabla ya kukujibu, ningempa Plasta jalada na kusema, huyu ni baba yangu, namba yake uishike wewe, mbele sitii mkono wala nyuma. Nimekwenda kwa msimamizi nikamweleza yote. Hakunifokea, ilikuwa afadhali angenifokea. Sasa imeandikwa ukutani kwamba jalada la ndugu haliguswi na ndugu. Orodha yote amepewa Plasta kwa miezi sita, mimi nimebaki na tanuri.

Goti limepungukiwa kunyooka. Plasta amepima, ameufunga unyayo kidogo tofauti ili kikombe kifuate mkunjo uliopo. Atasimama, atatembea, lakini jioni atachoka mapema kuliko mwalimu. Hilo limetoka mkononi mwangu na siwezi kulirudisha, hata nikimnyang'anya mwingine zamu.

Nimechukua likizo, siku kumi na nne. Hizo ni zangu. Naja kumnyoosha goti asubuhi na jioni na kumfundisha kutembea, kama atanipokea. Kama hatanipokea nitalala kwa Jirani Redio, ambayo itakuwa adhabu tosha.

Nisamehe, Mama Mkubwa.

Kisigino

2 Novemba

Kisigino mwanangu,

Natumaini umefika salama na viatu vyako vimefika na visigino. Sisi hatujambo. Paa limeanza kuvuja tena, limepata nguvu. Ulisahau soksi moja na kitana chako, kitana amekichukua Baba Mkubwa wako, anasema ni fidia. Goti linanyooka zaidi kila wiki, si lote, na saa kumi jioni anarudi kwenye kigoda chako. Asubuhi husimama. Mtu mrefu kuliko wote mtaani amenyolewa tayari, alitoka akiwa hana nywele wala siri.

Ulipoondoka ulikuwa umenuna kidogo kwa sababu ya siku ile kinyozini, nami sikukueleza mbele yake. Ulifika saa mbili asubuhi, wa kwanza mlangoni, ukakaa kwenye benchi. Yakapita masaa. Wakaja muuza genge, dereva mmoja wa lori tusiyemjua, na yule kijana wa posta. Akawaita wote watatu mmoja baada ya mwingine, nawe umekaa pale unaangalia saa. Ukaja kuniambia nyumbani kwamba huenda mzee ameanza kusahau.

Hajasahau kitu. Alihesabu. Alikuwa ameshika mashine na midomo imembana kwa kicheko, na dereva wa lori aliambiwa kila kitu kwa ishara. Alipofika kwako si alikunyoa taratibu kuliko wote, akazunguka kiti kizima kwa mguu wake mwenyewe, akakupangusa shingo mara mbili? Usiku aliniambia, "Sasa tuko sawa, mimi na yeye. Kesho nitamnyoa kwa zamu yake."

Mimi nawe pia tuko sawa. Jumapili nitapika maharage, nitakuwekea kwenye mkebe nikutumie kwa basi la Alhamisi. Ni sufuria yangu, kwa hiyo nachota ninapotaka.

Mama Mkubwa wako